Jinsi ya Kuipa Jina Podikasti ya Pesa kwa Wanaoanza, Jina Linalopatikana kwa Urahisi

Wengi wanaonifuata kuhusu podikasti hapa Tanga huanza na kipaza sauti: ninunue kipi? Tukishamaliza la kipaza sauti linakuja la jina, na hapo maswali huwa yale yale. Niiite kwa jina langu? Niandike "pesa" au "fedha"? Niweke "Tanga" ndani yake? Mbona nikiandika jina la podikasti yangu kwenye Spotify zinatokea nyimbo? Nayajibu hapa yote kwa pamoja, na nimebana kwenye podikasti ya aina moja: ile inayomsaidia mtu anayeanza kuzitazama tabia zake za pesa, yaani bajeti, akiba, matumizi na madeni madogo madogo.

Tutakwenda na mfano mmoja. Wifi wawili wa Makorora wanaanzisha podikasti. Mmoja anauza madera soko la Mgandini, mwenzake ni karani wa fedha kwenye shule binafsi. Wote wawili wanajua pesa inavyopotea kabla ya tarehe kumi, na wana mengi ya kusema. Wanachokosa ni jina.

Kabla hatujaingia kwenye hatua, shika jambo hili moja, maana hatua zote zinatoka hapa. Podikasti hutafutwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza hakujui kabisa. Anaandika shida yake: "jinsi ya kuweka akiba", "bajeti ya mshahara mdogo". Wa pili amelisikia jina lako kwa mtu, kijiweni, kwenye daladala au kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, naye anaandika kile alichokisikia. Jina zuri linawahudumia wote wawili. Majina mengi ninayoletewa yanamhudumia mmoja tu, na mara nyingi hayamhudumii yeyote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Usifanyie kazi hii kichwani.
- Simu yenye Spotify na YouTube. Kama huna aifoni, Apple Podcasts utaitafutia kwenye kivinjari, kwa anwani ya podcasts.apple.com.
- Watu watano ambao hawajui unachopanga. Wawe wa rika na kazi tofauti, na angalau mmoja akae mbali na Tanga.
- Siku mbili tatu za kulala na jina kabla ya kulitangaza.

Onyo: usimlipe mtu wa kuchora picha ya jalada, wala wa kutengeneza mlio wa kufungulia kipindi, kabla hujamaliza hatua ya 6. Jina likibadilika, vyote hivyo unavilipia upya.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja ya msikilizaji wako

Sentensi iwe na mtu, kipato chake na kinachomsumbua. Wifi wetu waliandika: "Kijana aliyeanza kazi au biashara ndogo, anapata pesa kidogo kidogo, hajui inaishia wapi, na hajawahi kuweka akiba ikafika miezi mitatu."

Sentensi hii haitaingia kwenye jina. Ni kipimo chako. Kila jina utakalolipenda huko mbele utalirudisha hapa na kuuliza: huyu kijana akiliona, atajua ni lake? Jina kama "Siri za Mabilionea" linaanguka papo hapo, kwa sababu kijana wa kwenye sentensi anatafuta namna ya kufika mwisho wa mwezi.

Hatua ya 2: Kusanya maneno kutoka midomoni mwa watu

Chukua daftari, kaa mahali watu wanapozungumzia pesa, sikiliza, andika. Mgandini asubuhi panatosha. Huko hutasikia "usimamizi wa fedha binafsi". Utasikia hela, pesa, chenji, kibubu, mchezo, kikoba, kausha damu, deni, akiba, "sijui imekwenda wapi". Andika neno kama lilivyosemwa, usilisafishe.

Ukishapata maneno kama ishirini, weka alama kwenye yale yanayoandikwa kwa namna moja tu. Hapa ndipo Kiswahili kina mitego yake, na ushauri uliotengenezwa kwa lugha nyingine hautakusaidia:

*Matamshi.* Wako wanaoandika "feza" wakikusudia fedha, na "ela" wakikusudia hela. "Pesa" huandikwa pesa na kila mtu. Hilo ndilo jibu langu kwa lile swali la pesa au fedha: kwenye jina, pesa. Kwenye maelezo tumia yote mawili. Angalia pia r na l: "daftari" utaiona imeandikwa "daftali", na "chenji" wengine huiandika "chenchi".

*Vitenzi.* Kitenzi chetu hubadilika kila kinapopita. Ukiiita podikasti "Tunavyojiwekea", anayeandika "kuweka" huenda asikufikie, maana kisanduku cha kutafutia hakina uhakika kwamba maneno hayo ni ya ukoo mmoja. Nomino zisizobadilika ndizo salama zaidi: akiba, bajeti, pesa. "Deni" na "mkopo" zina umoja na wingi, kwa hiyo tayari una maandishi mawili ya kuhangaika nayo kwa kila moja.

*King'ong'o na alama.* Jina lenye ng', kama "Mng'aro wa Pesa", litaandikwa bila kile kialama na nusu ya watu. Alama ya dola mahali pa herufi s, tarakimu mahali pa neno, herufi zilizorudiwa kwa madoido, vyote acha. Hakuna anayeweza kusikia alama ya dola kwenye mazungumzo.

Hatua ya 3: Yapime maneno yako moja moja

Fungua Spotify, andika neno moja, tazama kinachokuja. Halafu YouTube. Halafu Apple Podcasts. Kama simu yako imezoea kukuletea mambo fulani, tumia ya mtu mwingine, au fungua kivinjari kwa hali fiche ili historia yako isikudanganye. Mbele ya kila neno andika nani tayari amelikalia.

Hatua hii usiiruke, maana karibu kila neno la pesa tunalolipenda lina mwenyewe:

"Pesa" peke yake utagongana na M-Pesa, HaloPesa na huduma zote za kutuma na kupokea. Kwenye Spotify kuna balaa la pili: pale nyimbo na podikasti hukaa kwenye kisanduku kimoja, na nyimbo zenye neno hilo ni nyingi mno.

"Akiba" peke yake inaleta benki yenye jina hilo hilo, Akiba Commercial Bank, na matangazo ya akaunti za akiba za benki nyingine.

"Bajeti" peke yake ni ya serikali. Kila mwezi Juni Waziri wa Fedha anapoisoma bungeni Dodoma, mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai, neno hilo hujaa taarifa za habari na uchambuzi. Podikasti yako ya bajeti ya nyumbani itazama kipindi chote hicho.

"Mikopo" inakupeleka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu na kwa wanaotangaza mikopo ya mtandaoni. "Mchezo", ule wa kuchangiana na kupeana kwa zamu, utakuletea mpira. "Upatu" ni baya zaidi, kwa sababu neno hilo sasa hutumika pia kwa miradi ya piramidi, na watu hawajaisahau DECI iliyoanguka mwaka 2009. Usilitie kwenye jina hata kama unataka kuwaonya watu juu yake.

Sasa jaribu maneno mawili pamoja. Andika "bajeti na akiba". Serikali inapungua, benki inapungua, yanaanza kuonekana mambo ya nyumbani: mshahara, matumizi, familia. Neno moja la pesa lina mwenyewe, lakini maneno mawili yaliyopangwa vizuri mara nyingi yana nafasi.

Kwenye YouTube fanya na hili: andika "jinsi ya kuweka" uache hapo hapo, usibonyeze. Maneno yanayojileta chini ni yale yanayoandikwa na watu kweli kweli. Yanakili yote. Hutayatumia kwenye jina, utayatumia kwenye hatua ya 8, na yatakuwa na faida kubwa kuliko unavyodhani. Ukienda kwenye Google Trends, chombo cha Google kinachoonyesha maneno yanavyotafutwa, na kuchagua Tanzania, usikate tamaa ukiona mstari umelala chini kwa maneno ya Kiswahili. Watu wakiwa wachache, chombo kile hakionyeshi kitu, na si ushahidi kwamba hakuna anayetafuta.

Hatua ya 4: Jenga jina lenye sehemu mbili

Sehemu ya kwanza ni ya yule aliyesikia kwa mtu. Iwe maneno mawili, matatu yakizidi, yanayokaa mdomoni na ambayo hayajakaliwa na mwingine. Sehemu ya pili ni ya yule asiyekujua: maneno mawili ya jambo lenyewe, yale yaliyofaulu hatua ya 3. Kati yake weka nukta mbili.

Wifi wetu walianza na orodha ya majina manne. Nayaeleza moja moja kwa sababu ni mifano ya karibu makosa yote ninayoyaona.

*"Mfuko wa Akiba Tanga".* Linasikika vizuri na lina neno "akiba". Aliposomewa mama ntilie mmoja pale sokoni, swali lake la kwanza lilikuwa: "Na kiingilio shilingi ngapi?" Hapo jina lilikufa. Neno "mfuko", kama vile "kikoba", "saccos", "chama" na "mradi", humfanya mtu aelewe kwamba kuna mchango. Kuna atakayekutumia pesa, na kuna atakayekuona tapeli. Huduma ndogo za fedha, vikoba vikiwemo, zina sheria yake ya mwaka 2018 inayotaka usajili, kwa hiyo usijiite kwa jina la kitu usichokifanya. Na neno "benki" liache kabisa: Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 hairuhusu asiye na leseni kulitumia kwenye jina la biashara yake hivi hivi.

Hilo "Tanga" nalo lina neno lake. Ukitafuta Tanga unakutana na bandari, saruji, Coastal Union na mabasi. Na kijana wa Mbeya akiliona atadhani ni mambo ya watu wa huku. Bajeti ya muuza madera wa Mgandini inamfaa hata muuza madera wa Mwanjelwa. Tanga iweke kwenye maelezo na uisikilizishe kwenye sauti, kwa lafudhi yenu na mifano yenu. Weka mji kwenye jina pale tu podikasti inapohusu mji wenyewe.

*"Pesa Yangu Inakwenda Wapi".* Hili nililipenda sana, na nadhani wote tulilipenda. Ndiyo kauli yenyewe ya watu. Tutaona kwenye hatua ya 5 lilivyoanguka.

*"Vunja Kibubu".* Fupi, la kipekee, linaandikwa kwa namna moja. Lakini linamwambia msikilizaji afanye kinyume cha somo. Wifi wa Mgandini alisema mwenyewe: "Wifi, sisi tunataka wajaze, tunawaambiaje wavunje?" Na hapo ndipo jina la mwisho lilipozaliwa.

*"Money Tips na Mawifi".* Jina la nusu Kiingereza linakupanga kwenye mstari mmoja na podikasti kubwa za Marekani zenye wasikilizaji wengi kuliko utakaowapata kwa miaka mingi. Na "mawifi" haimwambii asiyekujua chochote. Majina ya watu wanaoendesha kipindi yana sehemu yake, tutaifikia.

Walilolijenga likawa "Jaza Kibubu: Bajeti na Akiba". Lihesabu: sehemu ya kwanza herufi 11 pamoja na nafasi, jina zima 28. Hesabu hii ina maana kwa sababu kwenye orodha ya matokeo simu hukata jina refu na kuweka nukta tatu. Sehemu ya kwanza isizidi herufi 15 hivi, na jina zima likiwa chini ya 30 lina nafasi nzuri ya kuonekana lote hata kwenye simu ndogo. Huoni neno "wanaoanza" ndani yake, na ni kwa makusudi. Anayeanza hajiandiki "anayeanza" anapotafuta. Anaandika shida yake. "Kwa wanaoanza" itakaa kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo, atakapokuwa tayari ameshafungua na anajiuliza kama kipindi kinamfaa.

Onyo: usijaze sehemu ya pili. "Jaza Kibubu: Bajeti, Akiba, Pesa, Mikopo, Biashara, Uwekezaji, Mafanikio" haikupandishi juu. Apple huonya waziwazi juu ya kulundika maneno ya kutafutia kwenye jina la podikasti au la mtayarishaji, na wanaweza kuikataa au kuiondoa. Maneno "podikasti" au "podcast" nayo hayaongezi kitu, kila kilichomo kwenye programu hiyo ni podikasti.

Hatua ya 5: Jaribio la sikio

Mpigie simu kila mmoja wa wale watu watano, au mtumie ujumbe wa sauti. Litaje jina mara moja tu, kwa mwendo wako wa kawaida, halafu mwambie: "Liandike ulivyolisikia unitumie." Usilitamke herufi kwa herufi, usilirudie. Ukilirudia umeharibu jaribio, kwa sababu kijiweni hakuna wa kurudia.

"Pesa Yangu Inakwenda Wapi" lilirudi hivi: mmoja aliandika *inakwenda*, wawili *inaenda*, mmoja *imeenda*, na mjomba aliye Pemba akaandika *yenda wapi*. Watu watano, maandishi manne. Jina ni zuri mno mdomoni, lakini kwenye kisanduku cha kutafutia ni majina manne tofauti. Tukalipeleka kwenye kipindi cha kwanza likawa jina la kipindi, ambako linafanya kazi yake vizuri kwa sababu haliwi mlango wa podikasti nzima.

"Jaza Kibubu" lilirudi sawasawa kwa wote. Mmoja aliliunganisha, "jazakibubu", na hilo halina shida kwani ndivyo litakavyoandikwa kwenye jina la akaunti.

Ukiona watu wawili kati ya watano wamekosea mahali pale pale, badilisha neno. Mmoja akikosea peke yake, mjaribu mtu wa sita. Baada ya maandishi uliza swali moja zaidi: "Ukisikia jina hili unadhani ni kitu gani?" Akisema kikundi cha kuchangiana, programu ya mikopo au kanisa, sikiliza. Yeye ndiye umma.

Hatua ya 6: Hakikisha halina mwenyewe

Tafuta jina kamili, halafu sehemu ya kwanza peke yake, kwenye Spotify, Apple Podcasts, YouTube, Instagram na TikTok. Tafuta pia kwenye Google ukiliweka ndani ya alama za nukuu. Ukikuta podikasti iliyolala tangu miaka mitatu iliyopita yenye jina lile lile, usijiambie kwamba imekufa. Bado inaonekana kwenye matokeo na ina vipindi, na msikilizaji wako atabonyeza hiyo.

Halafu nenda kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ors.brela.go.tz, uangalie jina la biashara na alama za biashara. Fahamu kwamba hivyo ni vitu viwili. Kusajili jina la biashara hakukupi haki ya alama ya biashara, na la mtu mwingine linaweza kuwa limesajiliwa upande mmoja bila upande wa pili. BRELA ni ya Bara. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na sisi wa Tanga wenye wasikilizaji Pemba na Unguja ni vyema kuliangalia na huko. Kama jina lako linafanana na bidhaa ya benki au ya kampuni ya simu, hata kwa sehemu, libadilishe sasa. Wao wana wanasheria, na pia wana pesa ya matangazo itakayowaweka juu yako siku zote.

Likiwa safi, chukua majina ya akaunti siku hiyo hiyo, hata kama hutayatumia mwaka huu. TikTok inakubali herufi zisizozidi 24 na Instagram 30, kwa hiyo tumia sehemu ya kwanza tu: jazakibubu. Kama limechukuliwa, ongeza neno mwishoni, mfano jazakibubu_tz, na litumie hilo hilo kila mahali.

Hatua ya 7: Liandike jina mahali panapostahili

Kwenye fomu ya mahali unapohifadhia podikasti kuna nafasi ya jina la podikasti, jina la mtayarishaji, lugha na maelezo. Nyuma ya pazia vinaingia kwenye faili la RSS ambalo Spotify, Apple na wengine hulisoma. Ukilifungua litaonekana hivi:

```xml
<title>Jaza Kibubu: Bajeti na Akiba</title>
<itunes:author>Jaza Kibubu</itunes:author>
<language>sw</language>
```

Angalia mambo matatu. Kwanza lugha: iwe `sw`. Fomu nyingi huja na Kiingereza kimeshachaguliwa, na watu wanakiacha. Pili, jina la mtayarishaji: kwenye mfano huu limeandikwa Jaza Kibubu, lakini ni mahali pa majina yenu halisi pia, na hapa ndipo "mawifi" wangeweza kukaa, kwani nalo hutafutwa. Tatu, tumia "na", usitumie alama ya `&`. Kwenye RSS alama hiyo lazima iandikwe `&amp;`, na mahali ambapo haikugeuzwa vizuri faili zima hukataa kusomeka.

Picha ya jalada ibebe sehemu ya kwanza tu, kwa herufi nene. Apple wanataka picha ya mraba, kuanzia pikseli 1400 kwa 1400 hadi 3000 kwa 3000, lakini kwenye matokeo itaonekana ndogo kama ukucha. Kabla hujaipokea kwa mchoraji, ipunguze kwenye simu mpaka iwe na upana wa kidole, uone kama "Jaza Kibubu" bado linasomeka.

Kwenye YouTube, podikasti ni orodha ya video iliyotiwa alama ya podikasti. Jina la orodha hiyo liwe lile lile, herufi kwa herufi.

Hatua ya 8: Majina ya vipindi yabebe maswali

Apple Podcasts ikitafuta hutazama jina la podikasti, la mtayarishaji na majina ya vipindi. Ndiyo sababu hukuhitaji kulijaza jina kuu. Yale maneno uliyonakili YouTube yanakuja hapa: "Jinsi ya kuweka akiba kwa kipato cha kila siku", "Nimekopa kausha damu, naanzia wapi kulipa?", "Kibubu au akaunti ya benki?" Usianze na "Kipindi cha 1" wala "S01E03", namba ina sehemu yake kwenye fomu. Maneno ya kwanza ya jina la kipindi yawe ya msikilizaji.

Likikwama

*Jina halionekani kabisa.* Hakikisha umeipeleka huko. Kuhifadhi podikasti Spotify hakuifikishi Apple. Unachukua anwani ya RSS na kuiwasilisha mwenyewe kupitia Apple Podcasts Connect, kisha unasubiri ikaguliwe. Kama imekubaliwa na bado haionekani, vuta siku chache kabla hujabadilisha chochote.

*Linaonekana ukiandika jina zima tu.* Kwa podikasti mpya ni kawaida, kwa sababu matokeo hufuata pia wasikilizaji. Mpaka hapo wape watu kiungo moja kwa moja kwenye WhatsApp, usiwaambie "itafute".

*Ukiandika sehemu ya kwanza zinakuja nyimbo.* Mwelekeze msikilizaji ateue kichujio cha podikasti juu ya matokeo. Kama hata hapo uko chini, sehemu yako ya kwanza ni neno la kawaida mno na inahitaji neno la pili.

*Watu wanaliandika vibaya.* Usiyatie makosa yao kwenye jina. Kwenye mitandao unaweza kuchukua akaunti yenye maandishi hayo na kuiwekea kiungo cha akaunti halisi.

*Nimeshaanza na jina baya.* Libadilishe kwenye fomu. Anwani ya RSS ikibaki ile ile, waliokufuata wanabaki. Kwa wiki kadhaa sema majina yote mawili mwanzoni mwa kipindi, na uache "zamani ikiitwa hivi" kwenye maelezo. Picha ya jalada ibadilishe siku ile ile, maana jina jipya likiwa na picha ya zamani watu hudhani wamefungua kisicho chako.

*Ametokea mwingine na jina langu.* Piga picha ya skrini yenye tarehe ya kipindi chako cha kwanza, mwandikie kwa adabu kwanza. Ikishindikana, Spotify na Apple wana fomu za malalamiko ya haki, na cheti cha alama ya biashara ndicho kinachosikilizwa zaidi huko.

*Watu wanauliza kiingilio hata baada ya kubadilisha jina.* Tazama maelezo na jalada. Mara nyingi kuna namba ya simu ya kupokelea pesa, au picha ya mkono ulioshika noti. Toa vyote viwili, na andika kwenye sentensi ya pili ya maelezo: "Hatukusanyi michango wala hatukopeshi."